Mifano mitatu, mwanzo uleule

"Nimeipa modeli ya lugha mifano mitatu ya kufupisha ripoti za hitilafu. Muundo inaufuata vizuri, ila sasa kila jibu linaanza na 'Mtumiaji anaripoti kwamba'. Niiondoe mifano?"

Kabla ya kuiondoa, iweke sambamba uisome. Bila shaka yote mitatu inaanza hivyohivyo, na huenda inafanana na huu:

```
Tatizo: Mtumiaji anaripoti kwamba printa haichapi.
Chanzo: Kebo imelegea.
Hatua: Fundi atumwe.
```

Modeli haijui kwamba uliitaka iige lebo tu na kuyaacha maneno. Kinachojirudia katika kila mfano inakichukua kama sheria. Tuseme mingine miwili inahusu kompyuta isiyowaka na skrini iliyopasuka, nayo pia inaishia "Fundi atumwe". Ikija ripoti ya mtu aliyesahau nywila, usishangae fundi akitumwa. Hapo kilichonakiliwa ni uamuzi wenyewe, na hilo ni baya kuliko maneno yanayochosha.

Kwa hiyo lebo, mpangilio na idadi ya mistari visibadilike, vingine vyote vibadilike. Mfano mmoja uanze "Printa haichapi tangu asubuhi", mwingine "Nywila imesahauliwa, akaunti imejifunga", na hatua zake zitofautiane. Mmoja uandikwe "Chanzo: Hakijatajwa", ili modeli isibuni chanzo. Huo usiuweke mwisho, maana mfano wa mwisho mara nyingi huvuta zaidi, na unaweza kuletewa "Hakijatajwa" hata pale chanzo kilipoandikwa waziwazi.

Wanaotetea mifano inayofanana nao wana hoja. Jibu likisomwa na programu, tofauti ndogo tu inaivuruga. Tena utafiti wa Min na wenzake wa 2022, uliohusu kazi za kuainisha na kuchagua jibu, ulionyesha kwamba kuweka majibu ya kubahatisha katika mifano kulipunguza usahihi kidogo tu. Muundo ulikuwa na uzito mkubwa zaidi. Lakini katika kazi za namna hiyo jibu huchaguliwa kutoka orodha iliyokwisha kutolewa. Sehemu ya "Tatizo" ni sentensi huru, na kwangu hapo ndipo mfanano unapogeuka hasara.

Wengine hukwepa kabisa kwa kuandika `[eleza tatizo]` badala ya mfano halisi. Maneno ya kunakili hayapo, kweli, ila modeli haioni sentensi iwe ndefu kiasi gani, na mara nyingine mabano hayo hurudi kama yalivyo.

Ukishabadili, pima. Chukua ripoti 20, uangalie maneno manne ya kwanza ya kila mstari. Kisha weka seti nyingine ya mifano, upitishe ripoti zilezile. Maneno yakihama pamoja na seti, bado inanakili. Yakibaki, angalia kwenye ripoti zenyewe: huenda walioziandika ndio wanaoanza na "Mtumiaji anaripoti".