Kitambaa Kilichonikaribisha Kinyume

Mimi ni karani wa hesabu kwenye ghala moja huku Eneo la Viwanda. Nasoma leja tangu asubuhi hadi jioni, na nimeshanusa shilingi 200 zilizojificha ndani ya kurasa 40. Kwa hiyo mama mkwe alipopiga simu kusema anakuja Jumamosi na treni kutoka Mombasa, na mimi nikajitia kusema kwamba atakuta kitambaa cha kochi nilichofuma kwa mkono wangu, sikuona kosa. Kroshia nilifundishwa na shosho nikiwa mdogo. Mnyororo naujua, nguzo naijua. Kilichobaki ni mchoro, na mchoro ni miraba tu kwenye karatasi. Miraba ndiyo ugali wangu.

Mchoro wenyewe niliununua mjini, kwenye kibanda cha nyuzi, fotokopi ya fotokopi. Ulikuwa na neno KARIBU kwa herufi kubwa, miraba 37 kwa upana na safu 11 kwenda juu. Mraba mweupe ni dirisha wazi: nguzo moja, kisha minyororo miwili ya kuruka juu ya nafasi. Mraba mweusi ni dirisha lililozibwa kwa nguzo. Pembeni kulikuwa na alama ndogo za kukumbusha: kiduara kirefu kama mbegu ya tikiti ni mnyororo, na herufi T iliyokatwa kistari kimoja shingoni ni nguzo. Upande wa kushoto kulikuwa na namba zikipanda kutoka chini: 2, 4, 6, 8, 10. Nikajiuliza, mbona zinaruka? Nikajijibu kwamba wamebana wino. Kumbuka jibu hilo, maana ndilo lililonimaliza.

Jumatatu usiku nikaanza. Minyororo 116 ya msingi, nikihesabu kwa sauti hadi mume wangu akauliza kama ni swala. Safu ya kwanza yote ni madirisha wazi. Unachomeka nguzo ya kwanza kwenye mnyororo wa 8 kutoka kwenye sindano, na ile minyororo saba uliyoruka inajipinda yenyewe kuwa dirisha la kwanza. Baada ya hapo mchoro una mabano makubwa, ndani yake dirisha moja tu: minyororo miwili, ruka miwili, nguzo moja. Chini ya mabano: rudia mara 36.

Nikarudia, nikafika 36, nikaweka sindano chini kwa fahari. Mwishoni kulikuwa na minyororo mitatu inaning'inia kama mkia wa mjusi. Nikahesabu upya. Kumbe lile dirisha la kwanza nililihesabu kama mara ya kwanza, ilhali liko nje ya mabano. Kilicho nje ya mabano hufanywa mara moja, hakiingii kwenye hesabu ya kurudia. Moja la mwanzo na 36 za mabano, 37. Karani mzima! Nikaongeza dirisha moja, mkia ukaisha, nikalala.

Jumanne nikafika safu ya tatu, ambako herufi zinaanza kuota kutoka chini. Hapa nikagundua kwamba sijui kuziba dirisha. Dirisha lililozibwa, ukilitazama peke yake, lina nguzo nne: mbili za kando na mbili za katikati. Basi mimi kila nilipoona mraba mweusi nikapiga nguzo nne. Madirisha matatu meusi yaliyofuatana, nguzo 12. Kitambaa kikaanza kufura mahali pale na kujikunja kama sketi ya marinda. Nilikivuta, nikakikalia, nikakipigia pasi. Kikatulia, kisha kikafura tena mbele ya macho yangu.

Nyumba za kupanga ndizo zilizonifumbua macho. Ghorofa letu hapa Umoja, ukuta wangu ndio ukuta wa jirani. Najua hata chaneli anayotazama. Madirisha ya kroshia nayo ni hivyohivyo, nguzo ya mwisho ya hili ndiyo ya kwanza ya lile. Kwa hiyo kila dirisha jeusi linaongeza nguzo tatu tu, mbili ndani ya nafasi na moja juu ya nguzo ya chini, na ile moja ya mwanzo tayari imesimama. Madirisha matatu ni nguzo 10. Yote 37 ni mara tatu, ongeza moja, 112. Nikafumua, nikarudia, kitambaa kikalala chini kama kilichokanywa.

Sasa nikawa fundi. Jumatano nikaenda mbio hadi safu ya sita, nikisoma kila safu kama nisomavyo leja, kushoto kwenda kulia. Mbili wazi, moja ziba, tatu wazi, moja ziba: hiyo ni miguu ya K. Mwisho wa safu, minyororo mitano, ambayo ni nguzo ya kwanza pamoja na paa la dirisha lake, nageuza kitambaa, narudi kushoto kwa karatasi, nasonga.

Nilipokinyoosha mezani, mwanangu wa darasa la pili akakitazama kwa muda mrefu. "Mama, hiki ni Kichina?"

Kilikuwa si lugha. Mahali pa herufi ya kwanza palikuwa na makalio ya U, juu yake goti la K, juu yake ubavu wa U, juu yake K tena. Herufi mbili zilikuwa zikigombania kitanda kimoja, kila mmoja safu yake. Ikanichukua chai mbili kuelewa. Mtu anayetumia mkono wa kulia, uzi wake unatoka kulia kwenda kushoto. Anapogeuza kitambaa, safu inayofuata, kwa anayetazama upande wa mbele, inarudi kutoka kushoto kwenda kulia. Mimi kitambaa nilikuwa nakigeuza, macho siyageuzi. Safu moja ikatoka sawa, moja ikatoka kinyume, kama matatu mbili zilizokutana kwenye kichochoro, hakuna inayorudi nyuma.

Nikafumua yote. Kufuma siku tatu, kufumua dakika kumi. Hakuna haki.

Alhamisi nikaanza na akili mpya: safu moja nasoma kushoto kwenda kulia, inayofuata kulia kwenda kushoto, kwa zamu, kama jembe la ng'ombe shambani. Kabisa. Ila safu ya kwanza nilianzia kushoto, kwa sababu mtu mwenye akili timamu huanzia kushoto. Ijumaa saa tano usiku nikakata uzi. Safu 11, kingo zimenyooka, hakuna marinda. Nikakitandaza mgongoni mwa kochi na kumwita baba watoto.

Akaja na mswaki mdomoni. Akainamisha kichwa upande mmoja, kisha upande wa pili.

"Kimeandikwa kwa ajili ya ambulensi?"

Ni kweli. U ilikuwa mbele na K mwisho, tena K yenyewe imetazama nyuma, B imetupa matumbo kushoto. Ukisimama mbele ya kioo, kilisema KARIBU vizuri sana. Nikafikiria kwa dakika moja nzima kununua kioo. Mume wangu akapiga picha, akaituma kwenye kundi la familia, akalala akicheka. Mimi nikakaa na ule uzi, machozi yakinilenga, nikavuta ncha. Trrr. Safu ya 11. Trrr. Safu ya 10. Saa saba usiku nilikuwa na mpira wa uzi uliojaa mikunjo kama tambi.

Jumamosi tukampokea Syokimau. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu." Njia nzima alikuwa mpole kupita kiasi, hasemi neno juu ya picha, na huo upole ndio ulionitia baridi. Tukafika, akakaa kwenye kochi tupu, akapapasa mgongo wake.

"Kiko wapi?"

"Nimekifumua, mama. Kilitoka kinyume."

"Chote?"

"Chote."

Akanitazama kama mtu aliyemwaga maziwa ya mji mzima. Akafungua simu, akakuza ile picha. "Huku hakuna safu iliyokosea. Zote zimekosea pamoja. Ulikitazama upande wa pili?"

"Upande gani wa pili?"

"Mwanangu, madirisha haya hayana mbele wala nyuma. Ukikigeuza tu, K inarudi mwanzo." Akachukua bahasha ya stima iliyokuwa mezani, akaandika KARIBU kinyume kwa kalamu yangu ya kazini, akaielekeza kwenye mwanga wa dirishani, akaigeuza. KARIBU. Mume wangu akakumbuka kwamba ana jambo jikoni.

Nikamletea ile fotokopi ili nijitetee. Akaipitisha kidole upande wa kushoto, 2, 4, 6, kisha upande wa kulia, ambako karatasi imeishia kwenye mraba wa mwisho bila hata pambizo. "Hapa pamekatwa. 1 na 3 na 5 zilikuwa huku. Namba inakaa pale safu inapoanzia. Moja ilikuwa kulia." Wino haukuwa umebanwa. Mashine ya fotokopi ndiyo iliyokula nusu ya maelekezo, na mimi nikaipongeza kwa ubahili.

"Leta sindano," akasema.

Nikampa sindano na ule mpira wa tambi. Akaurudisha uzi, akaniambia niuzungushe mgongoni mwa kiti na kuulowesha kwanza ili unyooke, na wakati unakauka akanywa chai yake kimya. Alipoanza, nilikaa karibu kabisa kujifunza inavyofanywa na wanaojua. Minyororo 116 bila kuhesabu kwa sauti. Safu ya kwanza, ya pili. Ya tatu nikasoma naye kutoka kulia: tatu wazi, tatu ziba, tatu wazi, nne ziba, moja wazi, tatu ziba. Hapo ndipo nilipoona kitu. Sindano ilikuwa mkono wa kushoto. Uzi ulikuwa unakwenda upande usio wangu, na U ilikuwa inaota mahali pa K.

"Mama, kinatoka kinyume."

"Kila siku kinatoka kinyume," akasema bila kuinua macho. "Mimi ni mashoto. Unadhani vile vitambaa 12 vya sebuleni kwangu, ambavyo umevisifu miaka minane, nilivisoma vipi?"