Ndoo uliyoikataa ilikwenda wapi?

Tulikuwa tunatafuta mtu wa kupokea asali kwenye ghala letu hapa Tabora, na kwenye wasifu wa kijana mmoja nikakuta sentensi iliyonikalisha jioni nzima: "Nilisimamia ukaguzi wa ubora wa asali tani 14 kutoka vikundi 9 vya wafugaji nyuki." Mwenzangu tuliyekuwa tunasaili naye aliisoma akasema huyu tumempata, tena ana stashahada. Mimi nikamwambia ngoja kwanza, hizo tani 14 ni ndoo ngapi?

Huwa naanzia hapo. Sentensi ya wasifu naigeuza kwanza iwe kitu cha kubebwa mikononi, maswali baadaye. Asali ni nzito kuliko maji, kwa hiyo ndoo ya lita 20 ikijaa inabeba kilo 28 hivi. Tani 14 basi ni kama ndoo 500. Kila ndoo inafunguliwa, inakorogwa, inachotwa tone, tone linawekwa kwenye kioo cha rifraktomita, kifaa cha kupimia maji yaliyomo kwenye asali (sisi ghalani tunakiita kipimo, basi), kinafunikwa, unatazama kwenye mwanga mahali bluu inapokutana na nyeupe, unaandika namba, unasafisha kioo, unaita ndoo nyingine. Mtu aliyerudia hayo mara 500 hawezi kukosa cha kusimulia. Hata akisahau mwaka na majina ya vikundi, hawezi kusahau kunata.

Ninachoshikilia, na wenzangu wengine hawakipendi, ni kwamba maswali ya kufuatilia huandikwa usiku wa kuamkia usaili, na pembeni ya kila swali unaandika jibu la mtu aliyekuwepo lingefananaje. Tukiyabuni pale pale mezani tunaishia kumsaidia msailiwa. Kijana akisita, sisi kwa huruma tunamalizia: "Yaani ulikuwa unapima unyevu, zikizidi asilimia 20 unazikataa, siyo?" Anajibu ndiyo mzee. Tunaandika kwamba anajua, kumbe aliyejibu ni sisi.

Swali langu la kwanza lilikuwa jepesi na la wote: "Tupeleke kwenye siku moja ya kupokea asali. Ndoo ya kwanza imeshuka kwenye baiskeli. Endelea." Nia yake ni kumfungua tu. Uchimbaji unaanza kwenye yanayofuata, na kwa sentensi ile niliandika matatu.

"Asubuhi ulijuaje kwamba kipimo kinasema kweli?" Pembeni nikaandika: mafuta maalumu au kile kipande cha kioo kinachokuja na kipimo. Mistari ya vipimo vingi vya asali inaanzia kama asilimia 12 ya maji na kuishia kama 27, kwa hiyo maji matupu yako nje kabisa ya mstari, na anayesema alisawazisha kwa maji pengine amewahi kutumia kile cha sukari ya juisi, siyo cha asali. Chini yake nikaongeza jibu jingine la kukubalika: "Nilikikuta tayari, sikuwahi kukigusa." Hilo nalo ni jibu la mtu aliyekuwepo. Ghala ngapi zina mtu anayesawazisha kila asubuhi? Anayenipa utaratibu wote bila kukwama, kama anasoma ubaoni, ndiye ninayemtilia shaka zaidi.

La pili: "Niambie ndoo moja uliyoikataa. Ilikuwa na nini, mwenyewe alisema nini, na ilikwenda wapi?" Hili ndilo ninalolitegemea. Ndoo 500 zisizo na hata moja mbovu hazipo. Kuna anayevuna masega kabla nyuki hawajayafunga kwa nta, asali ina maji, ikikaa inachacha. Kuna aliyefika na mvua ndoo ikiwa haina mfuniko. Halafu kukataa siyo mwisho wa habari: mzee ametoka Sikonge na ndoo yake, nauli ameshalipa, amesimama mlangoni. Kiwango kilichoandikwa hakimwambii mtu afanye nini na mzee huyo. Aliyekuwepo anajua, kwa sababu alimtazama usoni.

La tatu nililiweka la akiba: "Ndoo hiyo hiyo umeipima mara mbili, namba hazifanani. Umewahi kukutana na hilo?" Asali iliyoanza kuganda hutengana, chembe zinashuka chini na majimaji yanabaki juu, kwa hiyo tone la juu linasoma maji mengi kuliko ndoo yenyewe. Dawa yake ni kuyeyusha sampuli kwenye chombo kilichofungwa, ndani ya maji ya moto kiasi, kuiacha ipoe na kuipima tena. Sikutegemea kila mtu alijue.

Mwenzangu alipendekeza tuongeze la mtego: tumwambie "kwa kawaida mnasawazisha kwa maji ya kunywa" tuone kama atakubali. Nilikataa. Kwetu kijana habishani na mtu mzima aliyekaa upande wa pili wa meza anayeshika kazi anayoitaka. Atakubali kwa adabu, na sisi tutaiita adabu yake uongo.

Siku ya usaili kijana aliingia ameshika bahasha ya kaki. La kufungulia alilijibu vizuri, kwa Kiingereza. Alitaja asilimia 20, akataja madhara ya kupasha asali moto kupita kiasi, akataja usafi wa vyombo. Kwenye ndoo iliyokataliwa akasema, "Tulimwelimisha mfugaji umuhimu wa ubora." Nikauliza, baada ya kuelimishwa, ndoo ilikwenda wapi? Akasema walishirikiana na kikundi. Nikarudi tena, kwa Kiswahili na kwa upole: wewe mwenyewe ulisimama wapi ndoo ikifunguliwa? Akanyamaza. Kisha akasema, "Kusema kweli, mzee, mimi nilikuwa ofisini."

Wengi hapo wangefunga faili. Mimi nikamuuliza nani aliandika wasifu huu. Akatabasamu kwa aibu: kijana wa steshenari karibu na stendi. Alikuwa kwenye mafunzo kwa vitendo, wiki sita, na yule wa steshenari akamwambia "nilijifunza" haiuzi, weka "nilisimamia". Nusu ya wasifu unaopita mezani kwangu nadhani una mwandishi wa namna hiyo, na ndiyo maana siwezi kuyapima maneno yake; lazima nimpime mtu. Nikamuuliza ofisini alifanya nini hasa. Hapo uso ukabadilika. Alikuwa anaingiza daftari za mapokezi kwenye kompyuta, na akagundua ndoo tupu haikutolewa kwenye uzito kwa siku nne mfululizo, kilo moja kila ndoo, na kwamba mfugaji mmoja ameandikwa kwa majina matatu tofauti. Alieleza jinsi alivyogundua: kijiji kimoja kilikuwa na uzito wa wastani mkubwa kuliko ndoo yenyewe inavyoweza kubeba. Hayo hakuna steshenari inayoyabuni. Na hayakuwepo kwenye wasifu.

Aliyemfuata alikuwa mama mmoja wa makamo, na wasifu wake ulikuwa nusu ukurasa. Mstari uliotuhusu ulisema "nilisaidia kupokea asali". Mwenzangu alikuwa amemweka wa mwisho kwenye orodha kwa sababu ya neno hilo, "nilisaidia". Nilipomwambia atupeleke kwenye siku moja, hakuanza na kiwango wala kipimo. Alianza na nyuki. Alisema siku ya kwanza walipokea asali nje chini ya mwembe, na ilipofika saa nne hapakukalika, nyuki walijaa kwenye ndoo, kwenye mizani, kwenye mikono. Kesho yake wakaanza alfajiri, ndani, madirisha yamefungwa, jasho linatoka.

Nikamuuliza kuhusu kipimo. Alisema hakuwahi kukisawazisha, afisa alikuja nacho na kuondoka nacho. Nikamuuliza ndoo aliyoikataa. Akafikiri kidogo, akasema ipo moja inayomuuma mpaka leo. Ilisoma 23. Akamrudisha mwenyewe nayo, na mwenyewe hakubishana, aliinua ndoo yake akaondoka. Ndoo iliyofuata ikasoma 22, nyingine 23, za kijiji tofauti kabisa. Ndipo akakitazama kitambaa chake. Alikuwa anasafisha kioo kwa kitambaa cha maji na kukipangusa harakaharaka, maji kidogo yakawa yanabaki kwenye kioo na kuchanganyika na tone linalofuata. Akakausha kioo vizuri, akapima upya: 18. Akatuma mtoto kwa baiskeli amfuate yule mzee. Hakumpata siku ile.

Jibu hilo nisingeweza kuliandika. Karatasi yangu ilikuwa na ndoo mbovu na mtu aliyeikataa kwa haki. Sikuwa na kipimo kinachoongopa kwa sababu ya mkono wa mpimaji. Mwenzangu, ambaye mpaka hapo alikuwa anachezea kalamu, alimuuliza siku hizi anafanyaje. Mama akasema anabeba vitambaa viwili, na namba ikimshtua hasemi neno kwa mwenye ndoo mpaka apime mara ya pili.

Nikiri kwamba njia hii nayo ina shimo. Inawapendelea wasimuliaji. Wapo waliofanya kazi miaka kumi na hawana hata kisa kimoja cha kueleza mbele ya watu watatu wenye miwani, na siku ile ile tulikuwa na wa namna hiyo, dada aliyejibu kila swali kwa maneno manne. Kwa watu kama yeye tuna ndoo moja halisi na kipimo halisi mezani. Tulimwachia. Alichofanya kwanza, kabla ya kugusa ndoo, ni kukifungua kipimo na kukipuliza. Mikono ilikuwa inamjibia. Kwa kazi ya ghala hilo linawezekana. Kwa mhasibu au mratibu wa mradi huna ndoo ya kumpa, na hapo bado nahangaika.

Mama tulimwajiri, akaanza Jumatatu. Kijana tulimpigia simu wiki mbili baadaye, daftari zilipotuzidi. Ile karatasi ya maswali imeongezwa mstari mmoja kwa kalamu nyekundu, chini ya lile la ndoo iliyokataliwa: "Kipimo kiliwahi kukudanganya? Ulijuaje?" Pembeni, mahali pa jibu linalotarajiwa, nimepaacha wazi.