Mhasibu haijui "ile ishu yetu"

Juzi binti mmoja ninayemfahamu, mfasiri, mzuri kweli katika kazi yake, alinitumia ujumbe aliotaka kumpelekea mteja wake mpya. Alikuwa amemaliza kazi, mteja ameipokea na kuikubali, sasa anataka hela yake. Akaniomba niuangalie kama "una adabu". Nauweka hapa, kwa ruhusa yake:

"Habari za siku nyingi bosi wangu, natumai u mzima na familia haijambo. Samahani sana kwa usumbufu, najua una majukumu mengi. Nilikuwa naulizia tu, kama itawezekana, ukipata nafasi, tuangalie ile ishu yetu. Ila usijali bosi, hakuna haraka. Ubarikiwe sana."

Adabu imejaa hadi inamwagika. Sasa nitafutieni humo ndani ni kiasi gani anadai. Kwa kazi ipi. Kilipwe lini, kipitie wapi. Hata neno "malipo" halimo! Halafu mteja akijibu "Poa, nitaangalia" akakaa kimya wiki tatu, tutaanza kulia kwamba wateja hawana utu. Mtu umemwambia mwenyewe kwamba hakuna haraka, naye amekutii.

Kinachoniudhi si aibu yake. Aibu ya kudai tunayo wengi, tumelelewa nayo, na mtu anayefanya kazi peke yake hana ofisi ya nyuma ya kumdaia. Kinachoniudhi ni kwamba ujumbe ule umeandikwa kana kwamba anayeusoma ndiye mwenye funguo za sanduku la pesa. Mara nyingi siye. Aliyekupa kazi ni meneja wa kitengo fulani. Anakujua, anakupenda, mmecheka pamoja kwenye simu. Lakini hela anaitoa mtu mwingine, mhasibu ambaye hajawahi kusikia jina lako na mezani kwake kuna ankara za watu wengine chungu nzima. Meneja anachofanya ni kumpelekea ujumbe wako. Sasa amwambieje? "Naomba uangalie ishu"? Itabidi akae aandike barua yake mwenyewe, atafute kiasi mlichokubaliana, akumbuke tarehe. Hiyo tayari ni kazi, na kazi huwekwa kesho.

Kwa hiyo mimi ombi la kwanza la malipo nalipima kwa swali moja tu. Je, huyu aliyenipa kazi anaweza kulipeleka kwa mtu asiyenijua kabisa, bila kuongeza hata sentensi moja, na huyo mtu akalipa? Kama jibu ni hapana, sibonyezi kitufe cha kutuma.

Tukakaa na yule binti tukaandika upya. Kichwa cha barua pepe kwanza, maana alikuwa ameandika "Habari". Tukaweka: "Ankara namba 014, tafsiri ya mwongozo wa wafanyakazi, kulipwa ifikapo 28 Machi". Mtu akiitafuta barua hiyo baada ya wiki mbili, neno lolote atakaloandika litamfikisha. Kisha mwili wake:

"Habari za asubuhi, kaka. Asante kwa ushirikiano, hasa maelezo uliyonipa kuhusu sura ya tatu, yalinirahisishia sana.

Nimeambatisha ankara namba 014 ya tafsiri ya mwongozo wa wafanyakazi (kurasa 40), niliyoikabidhi tarehe 12 Machi na ukaithibitisha leo, tarehe 14.

Kiasi: dola 600
Mwisho wa kulipa: 28 Machi (siku 14, kama tulivyokubaliana)
Namna ya kulipa: benki, maelezo ya akaunti yapo chini ya ankara

Kama malipo yanapitia kwa mhasibu, naomba umpelekee barua hii kama ilivyo. Kukiwa na kitu kinachokosekana, kama namba ya oda au fomu ya kujaza, niambie nikitume leo hii.

Asante sana."

Basi. Ina salamu, ina shukrani, na shukrani yenyewe inataja kitu kilichotokea kweli, sura ya tatu. Hiyo "sura ya tatu" ina urafiki kuliko "ubarikiwe" kumi, kwa sababu inaonyesha mliifanya kazi pamoja. Hakuna "samahani" hata moja, na hakuna anayeweza kuisoma akasema binti huyu ana kiburi.

Aliniuliza, "Lakini 'naomba umpelekee' si kama namwamuru?" Hapana, mdogo wangu. Unampunguzia kazi.

Tarehe sasa, hapa naomba tuvumiliane kidogo. Watu wanaandika "malipo ndani ya siku 14" wanaona wamemaliza. Siku 14 tangu lini? Tangu ulipotuma, tangu alipofungua, tangu ankara ilipofika kwa mhasibu? Kila mmoja anahesabu kwa namna inayomfaa yeye. Andika siku yenyewe, 28 Machi. Kwenye mabano weka ule muda mliokubaliana ili ionekane hukujitungia. Na "haraka iwezekanavyo" si tarehe.

Kampuni nyingi pia hazilipi kila siku. Zina siku zake, labda mara moja kwa wiki, labda mara mbili kwa mwezi, ankara zote zilizo kamili zinalipwa kwa mkupuo. Iliyochelewa kwa siku moja inasubiri zamu nyingine. Ndiyo maana nasema ombi liende siku ileile mteja anapokubali kazi, wakati bado ana furaha nayo na jambo liko mbichi kichwani mwake. Wapo wanaongoja mwisho wa mwezi "ili nisionekane nina njaa". Haya, kaeni na heshima yenu.

Ila kuna jambo linalochelewesha malipo ya kwanza kuliko hayo yote, na wengi hulijua baada ya kuumia: ankara iliyorudishwa. Kampuni nyingi huanza kuhesabu siku pale zinapopokea ankara iliyo sahihi. Ikikosa namba ya oda ya manunuzi, au jina la kampuni limeandikwa vile mnavyoliita kwenye simu badala ya jina lililosajiliwa, inarudi, na hesabu inaanza upya. Tena kwa mteja mpya kuna kusajiliwa kwanza kama mtoa huduma. Kuna fomu, namba ya mlipakodi, pengine barua ya benki inayoonyesha akaunti ni yako. Usipokuwa kwenye mfumo wao, mhasibu hawezi kukulipa hata akikupenda. Ishara yake unaijua: meneja anakwambia "nimeshaidhinisha", mhasibu yuko kimya, kila mmoja anaamini mpira uko kwa mwenzake. Dawa ni kuuliza kabla kazi haijaisha: "Ankara niiandike kwa jina gani, niitume kwa nani, na kuna fomu yoyote ninayopaswa kujaza?" Maswali matatu ya dakika moja. Yule binti aliuliza siku ileile, na kumbe fomu ilikuwepo, kurasa mbili, hakuna aliyekuwa amekumbuka kumpa. Bila hiyo ankara namba 014 ingelala mahali.

Faili liwe PDF na lipewe jina linaloeleweka. `Ankara-014-JinaLako.pdf`, si `Document1 mpya final.pdf`. Na tafadhali, msitume picha ya karatasi iliyopigwa kwa simu, imekaa upande, kidole kinaonekana.

Najua wapo watakaosema hayo ni ya makampuni, wao wateja wao ni watu wa kawaida, wanaongea nao WhatsApp, ukimletea mtu wa namna hiyo ankara namba 014 atashtuka. Sawa. Nakubali, ingawa kwa shingo upande. Mtu binafsi hahitaji barua ya aya nne. Lakini hata kwake mambo manne hayaepukiki: kazi gani, kiasi gani, lini, wapi. "Kaka, habari za leo. Nembo nimekutumia kwenye barua pepe, mafaili yote matatu, na nashukuru umeipenda. Salio ni dola 80, naomba lifike kufikia Ijumaa tarehe 21 kwenye akaunti ileile uliyotumia awali. Ukishatuma nijulishe nikupe risiti." Sentensi nne. Sijamtisha mtu, na hana haja ya kuniuliza chochote kabla ya kulipa. Hapo ndipo wengi wanapokwama: kila swali ambalo mteja analazimika kukuuliza ni siku moja au mbili zimepotea, kwa sababu yeye anauliza mchana, wewe unajibu usiku, yeye anasoma keshokutwa.

Kuna kundi jingine, la upande wa pili, ambalo ombi la kwanza tu limeshabeba faini ya kuchelewa kwa herufi kubwa na kifungu cha mkataba. Mtu hajachelewa bado, jamani! Masharti hayo yakae kwenye mkataba na kwa maandishi madogo chini ya ankara. Barua ya kwanza inadhani mema.

Kama pesa inavuka mpaka, mkubaliane mapema nani anabeba makato ya benki. Kwenye fomu ya kutuma kuna chaguo la `OUR`, `SHA` au `BEN`. Kwa `OUR` mtumaji anabeba, kwa `SHA` mnagawana, kwa `BEN` unabeba wewe. Usiposema lolote, unaweza kudai 600 ikaingia pungufu, mteja anaapa katuma 600, na wote mnasema kweli.

Akaunti yenyewe iandikwe kwa jina lililoko benki, herufi kwa herufi. Siyo jina la biashara uliloliweka kwenye ukurasa wako, kama benki haina habari nalo. Jina lisipolingana, malipo yanaweza kurudi, na kurudi kwake kunakula siku nyingine. Namba inakiliwe kutoka kwenye karatasi au programu ya benki, kamwe isitoke kichwani. Kama kuna msimbo wa SWIFT, hesabu herufi na tarakimu zake: huwa ni 8 au 11. Zikiwa 9 au 10, umekosea kunakili. Hakikisha haya kabla ya barua ya kwanza, kwa sababu ukituma halafu kesho ukaandika "samahani, tumieni akaunti hii nyingine", mhasibu mwenye akili zake atasimamisha kila kitu. Hivyo ndivyo matapeli wanavyoandika, na hawezi kujua kama anayeandika ni wewe mpaka akupigie simu kwa namba aliyokuwa nayo tangu mwanzo.