Bendeji, bainda au kuacha kabisa: kubana kifua katika joto la Malindi

"Kaka, mimi ni mwanaume wa transi, niko hapa Malindi. Duka nafungua saa mbili asubuhi, nafunga saa mbili usiku, na kutwa nzima kifua nimekifunga kwa bendeji ili kionekane bapa. Sasa ubavu waniuma. Mwenzangu aniambia ninunue bainda, ile vesti maalumu ya kubana kifua, niache kujitesa. Mamangu aniambia niache kufunga kabisa. Yupi nimsikize?"

Kila mmoja kati yao ana sehemu ya ukweli, na nitazipima zote mbili. Lakini kabla ya yote, bendeji ivue leo. Hapo hakuna pande mbili.

Bendeji ya krepu imetengenezwa kushika kifundo cha mguu kilichoteguka. Kazi yake ni kuvutika kisha kurudi, na kila mzunguko unaoongeza huongeza mkazo juu ya ule wa chini yake. Ukiizungusha kifuani, kila unapoinama kuchukua mzigo au kunyoosha mkono kwenye rafu ya juu inasogea na kujikaza zaidi, na ukitoa pumzi inakaa pale pale, haikupi tena nafasi ya kuvuta ya kutosha. Najua hapa pwani kufunga mwili kwa kitambaa si jambo geni, kwani mzazi aliyejifungua hufungwa mkaja. Ila mkaja hukaa tumboni, mahali laini pasipo mbavu. Kifua ni kizimba cha mifupa ambacho lazima kitanuke kila pumzi, mchana na usiku, na huwezi kukizuia saa kumi na mbili bila kitu kuumia. Selotepu ya kufungia maboksi na karatasi ya nailoni ni mbaya vile vile. Hazitanuki pamoja na mbavu, hufungia jasho ndani, na selotepu huondoka na ngozi.

Sasa huo ubavu. Bonyeza kwa kidole kimoja pole pole. Kama maumivu yametawanyika mgongoni na mabegani na yanapungua ukilala bila kufunga, aghalabu ni misuli iliyochoka. Kama yako mbele, karibu na mfupa wa kidari, huenda ni gegedu zinazounganisha mbavu na kidari zimevimba. Lakini kama ni pahali pamoja panapochoma ukibonyeza, na panachoma zaidi ukikohoa au kuvuta pumzi ndefu, ubavu unaweza kuwa umepata ufa. Nenda ukaonwe, na ujue kwamba picha ya eksirei wakati mwingine huukosa ufa mdogo, kwa hiyo maelezo yako ndiyo yatakayomwongoza daktari. Ikiwa unaona haya au unaogopa kujieleza, sentensi moja yatosha: "Nimekuwa nikifunga kifua kwa bendeji kwa nguvu, kila siku." Ufa wa ubavu huchukua kama wiki sita kupona, na muda huo hakuna kubana kwa kitu chochote. Maumivu makali ya ghafla upande mmoja pamoja na kukosa pumzi hayangoji kesho, kwani pafu huenda limetobolewa. Hapo ni hospitali moja kwa moja.

Nije kwa mwenzako. Anachosema ndicho kinachosemwa na wengi, kwamba bendeji ni hatari na bainda ni salama. Nusu ya kwanza ni kweli. Nusu ya pili yahitaji kupunguzwa. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti uliowauliza watu wazima karibu 1,800 wanaobana kifua, kutoka nchi mbalimbali. Zaidi ya tisa katika kila kumi walikuwa wamepata angalau tatizo moja la kiafya. Maumivu ya mgongo yaliongoza, kisha joto kupita kiasi, maumivu ya kifua na kukosa pumzi. La kushangaza ni kwamba bainda za kununua zilihusishwa na dalili nyingi zaidi kuliko hata bendeji.

Hilo lisikufanye urudi kwenye bendeji. Utafiti wa namna hiyo huonyesha vitu vinavyokwenda pamoja, hauthibitishi kwamba kimoja kimesababisha kingine. Bainda hubana vizuri na haionekani, na huenda mwenye nayo akaivaa kwa raha muda mrefu zaidi. Jambo lililojitokeza kwa uthabiti zaidi katika majibu yale ni idadi ya siku kwa wiki: kadiri mtu alivyobana siku nyingi, ndivyo dalili zilivyozidi. Kwa maoni yangu hapo ndipo penye kiini cha mjadala wote. Watu wanabishana kuhusu nguo, na hali saa na siku ndizo zinazoumiza.

Hata hivyo nguo ina tofauti, na ni vizuri uijue kabla ya kutoa pesa. Bainda nzuri ina kipande cha mbele kisichovutika, na mgongoni kitambaa kinachovutika. Mbele hulaza kifua, nyuma huacha mbavu zitanuke. Ukiona imebana pande zote sawa, au ina ndoano na mikanda ya kukaza, iache. Pima kwa futi ya fundi cherehani mzunguko wa kifua palipojaa zaidi, kisha fuata jedwali la muuzaji bila kushuka saizi. Wengi huumia hapa, kwani hununua ndogo wakidhani watakuwa bapa zaidi. Ukishaivaa, sukuma titi pembeni kuelekea kwapani, vuta pumzi ndefu, kohoa, inama ufunge kamba za viatu. Kama kimojawapo kimekushinda, au vidole viwili havipiti chini ya ukingo, hiyo si yako.

Na hapa kwetu kuna kaskazi. Kati ya Desemba na Machi joto la Malindi na unyevu wake huifanya bainda yoyote iwe tandiko la jasho, na Ramadhani ikiangukia miezi hiyo mtu hushinda bila maji juu yake. Kizunguzungu dukani ni ishara ya kuvua, si ya kujikaza kiume. Vaa singlendi nyepesi ya pamba chini yake, na osha kila siku. Wekundu unaowasha chini ya titi wenye ukingo ulio wazi mara nyingi ni fangasi. Paka krimu ya klotrimazoli mara mbili kwa siku kwa wiki mbili au zaidi, na pakauke kabla hujabana tena.

Mamako naye. Watu wepesi wa kubishana watasema haelewi. Mimi naona ameona mtoto wake akishika ubavu na akasema lile ambalo mzazi yeyote angesema. Kiafya ana haki: njia pekee isiyo na madhara ya kubana ni kutobana. Tatizo ni kwamba watu wale wale waliotaja maumivu katika utafiti walisema pia kwamba kubana kuliwapunguzia huzuni na wasiwasi, na kuliwawezesha kutoka nje. Anayeambiwa aache kabisa, bila kupewa kingine, mara nyingi haachi. Hufunga kwa siri, usiku, kwa kile alichokipata. Kwa hiyo naegemea upande wa kupunguza, na ningependa mamako aujue mpango huu, kwa sababu kwa kweli unamjibu.

Kiwango kinachoshauriwa sana ni saa nane kwa siku zisizidi, bila kulala nayo, bila kufanya nayo mazoezi wala kubeba mizigo, na siku za kupumzika kila wiki. Duka lako ni saa kumi na mbili, lakini huku kwetu mchana maduka mengi hufungwa. Vaa kutoka saa mbili hadi saa saba, hizo ni saa tano. Nenda nyumbani, vua, oga, vuta pumzi kwa kina na ukohoe, ulale. Vaa tena saa kumi hadi saa moja jioni, hizo tatu. Saa ya mwisho baki na sidiria ya michezo na shati pana la rangi iliyoiva au lenye maua. Kanzu nyeupe nyepesi huonyesha kila kitu, ila ukiivalia kizibao juu hakuna atakayekuona tofauti. Siku mbili za wiki zisiwe na bainda kabisa. Shehena ya mchele ikija, vua kwanza.

Wapo wanaotumia tepu ya misuli, ile ya pamba inayovutika ya wanamichezo. Inafaa kwa kifua kidogo, na haizibani mbavu, kwa sharti kwamba kila titi lina tepu zake, kutoka mbele kuelekea kwapani, na kamwe haizungushwi mwili. Jaribu kipande kidogo kwa siku nzima kwanza, funika chuchu kwa kipande cha shashi, na ukiitoa iloweshe mafuta ya nazi mpaka iachie yenyewe. Ngozi ikitoka malengelenge, haikupatani.

Kwa mvulana wa transi ambaye bado anakua ningekuwa mkali zaidi. Utafiti niliotaja haukuwahusu watoto, mbavu zake bado hazijakomaa, na sidiria ya michezo yenye saizi sahihi kwa saa za shule inamtosha hadi aonwe na daktari akiwa na mtu mzima anayemwamini.

Upande wa tiba kuna matumaini mengi yasiyo na msingi. Testosteroni hukoleza sauti na kuotesha ndevu, lakini titi lililokwisha kukua haliliondoi. Vivyo hivyo pushapu: zinajenga msuli ulio nyuma ya titi, si titi. Dawa za kuzuia balehe hufanya kazi ikiwa zimeanzishwa mwanzoni mwa balehe, na hata huko Ulaya bado zina ubishi mkubwa. Kwako wewe hazihusiki.

Kinachoondoa haja ya kubana ni upasuaji wa kifua. Kifua kidogo chenye ngozi inayovutika vizuri huweza kupasuliwa kuzunguka chuchu, na kovu likawa dogo. Kikubwa huhitaji mipasuo miwili mirefu kwenye ukingo wa chini wa misuli ya kifua, na chuchu hupandikizwa upya. Mtu hutoka hospitali akiwa na mirija ya kutoa maji kwa muda wa kama wiki moja, vesti ya kubana kwa wiki kadhaa, na kutobeba mizigo kwa takriban wiki sita. Sigara huachwa wiki kadhaa kabla, kwani huzuia damu kufika kwenye kidonda. Miongozo ya kimataifa ya tiba kwa watu wa transi ya mwaka 2022 haiwalazimishi watu wazima watumie homoni kwanza. Wapinzani husema majuto yapo, na yapo, ingawa tafiti zilizopo huyaonyesha kuwa machache. Ndiyo sababu ya kuzungumza na daktari kwa muda badala ya kukimbilia kisu. Gharama ni kubwa, na kwa mtu wa Malindi aghalabu maana yake ni kusafiri.

Lakini hapa pana jambo linalorudi kwenye bendeji yako. Miaka ya kubana kwa nguvu hulegeza ngozi, na ngozi iliyolegea hupunguza nafasi ya kupata upasuaji wa kovu dogo. Kama una nia hiyo siku moja, hata ikiwa ni baada ya miaka mitano ya kuweka akiba, kila siku mbili unazopumzika kwa wiki zinakupa daktari mwenye njia zaidi ya moja ya kuchagua.