Kwenye laivu, blauzi ni ya aliyeandika au ya aliyelipa?

"Nauza mitumba laivu, kila nguo ni moja tu. Nimpe aliyeandika namba kwanza au aliyelipa kwanza?"

Wengi watakwambia aliyelipa. Nami nilikuwa upande huo, mpaka nilipoanza kumsomea dada yangu komenti wakati yeye anaonyesha nguo.

Chukua blauzi namba 14, shilingi 18,000. Dada anaigeuza ndani nje, anapima kwapa hadi kwapa, inchi 20, anasogeza kamera kwenye doa dogo la ukosi ili kesho mtu asilalamike. Kama sharti ni kulipa kwanza, mteja anatoka kwenye video, anapiga *150*00#, anaweka lipa namba, kiasi, namba ya siri. Akirudi, dada yuko namba 16. Wakilipa watatu kwa mpigo, wawili lazima warudishiwe hela, na maneno juu. Tena komenti zinakauka, maana wanaotaka kununua wote wako kwenye menyu ya simu.

Lakini kuandika kwanza kunazaa wateja hewa. Mtu anaandika 14, 16, 19, akifuatwa inboksi kimya. Halafu kuna malalamiko ya haki kabisa: picha haiwafikii wote kwa wakati mmoja. Mwenye mtandao mzito anaiona blauzi sekunde kadhaa baada ya mwenzake, kwa hiyo kila siku anashindwa na walewale, mwisho anasema mnapendeleana.

Hatari niliyochelewa kuiona ni nyingine. Oda ikiwa kwenye komenti, dunia nzima inajua nani anakaribia kulipa. Siku moja akaunti yenye picha ya duka letu ilimjibu mteja, "Tuma kwa namba hii." Akatuma. Kuzuia tarakimu zote hatuwezi, oda zenyewe ni tarakimu; basi tukaweka "tuma" na "lipa" kwenye maneno yanayofichwa, na juu tukabandika lipa namba pamoja na jina linalotokea kabla ya kuthibitisha malipo. Skrinishoti ya muamala hatuipokei kama ushahidi. Tunaangalia simu yetu.

Pamoja na hayo, kwa nguo moja moja nachagua aliyeandika kwanza, ila kwa muda. Dada anatangaza jina, mimi naandika daftarini jina na saa, na la mtu wa pili chini yake. Dakika 10 zinahesabiwa tangu jina litangazwe. Aliyetoweka mara mbili, safari ya tatu analipa ndipo aandikiwe. Ukiwa na madera 30 ya aina moja, usijisumbue na haya: walipe kwanza, hakuna wa kugombana.

Ile namba 14 aliyeitangulia hakulipa. Dakika ya 11 nikamwita wa pili, mteja wa Mwanza mwenye mtandao mzito. Alilipa kabla dada hajamaliza kupima sketi iliyofuata.