Fundi Anafunga, Tafadhali Someni

Jamani, kuandika tangazo la kufunga kuna kazi kuliko kushona suti ya vipande vitatu.

Mwaka jana nilibandika mlangoni mstari mmoja tu: "Wateja wapendwa, tunafunga tarehe 24, tutafungua baada ya sikukuu." Nikajiona msomi. Tarehe 24 saa kumi jioni nafagia vipande niwahi basi la Kondoa, mama mmoja wa Makole akaingia na kitenge, bado kina mikunjo ya dukani. Anataka gauni la misa ya kesho!

"Mama, tumefunga."

"Fundi, umeandika unafunga tarehe 24. Leo si ndiyo tarehe 24, na wewe huyo hapo?"

Nikakosa jibu. Gauni nikashona, basi likaondoka.

Hiyo "baada ya sikukuu" nayo ikanimaliza. Mmoja alikuja tarehe 27 akakuta kufuli, akanuna. Kwake sikukuu ni Krismasi na Boksing Dei. Mwingine alingoja mpaka Mapinduzi ya tarehe 12 Januari yapite, ndipo analeta kitambaa cha sare ya mtoto, anaitaka kesho.

Mwaka huu wa 2025 nikakaa na kalenda. Kumbe tarehe anayoihitaji mteja si ya kufunga, ni ya mwisho kuleta kitambaa. Mimi nashona magauni matatu kwa siku. Kuanzia tarehe 15 hadi 23 Desemba, ukitoa Jumapili, ni siku nane. Magauni 24, hata uniombe kwa machozi. Nikaandika:

"Mwisho wa kuleta kitambaa na kupimwa ni Jumamosi tarehe 13 Desemba, au oda zikifika 24. Mwisho wa kuchukua ni Jumanne tarehe 23, saa 11 jioni. Kuanzia Jumatano tarehe 24 hadi Jumapili tarehe 4 Januari HAKUNA MTU. Tunafungua Jumatatu tarehe 5 Januari, saa 2 asubuhi. Wa sare za shule, tuma jina na siku unayotaka kupimwa, nikuandike kwenye daftari. Bila advansi ya nusu, hujaandikwa. Meseji za wakati wa likizo nitazisoma tarehe 5, kwa kufuata aliyetangulia."

Nikatuma WhatsApp kwa orodha ya tangazo, wateja wote kwa mkupuo. Kimya. Kijana wa jirani anayetengeneza simu akanicheka: ujumbe wa namna hiyo unamfikia aliyehifadhi namba yako tu. Nikaangalia mmoja mmoja. Mama wa Makole, miaka sita namshonea, namjua kiuno hadi nusu inchi, hajanisevu!

Nikamtumia peke yake. Jibu likaja papo hapo:

"Nimeiona fundi, asante kwa taarifa. Sasa hiyo tarehe 24 nije asubuhi au jioni?"