Mama mkwe ndiye aliyezirudisha siku zetu

Mama mkwe alipokuja kwetu Ngamiani kutoka Pangani kutibiwa goti, hata shikamoo yangu hakuiitikia vizuri kabla hajauliza tamthilia inaanza saa ngapi. Kifurushi cha king'amuzi kilikuwa kimekata. Nikalipia kwa simu palepale, meseji ikaingia kuwa muamala umekamilika. Nikamwambia, "Mama, dakika tano tu."

Mpaka saa tatu usiku skrini ilikuwa bado inatuambia tulipie. Mama akanitupia jicho la mtu aliyemwoza binti yake kwa tapeli.

Nikakagua meseji. Namba ya kadi niliyoingiza ilikuwa ileile iliyobandikwa chini ya king'amuzi, kwa hiyo hela haikwenda kwa jirani. Nikapiga huduma kwa wateja. "Zima, washa." Nikazima, nikawasha. Nikapiga tena, safari hii na swali nililofundishwa na fundi wa madishi wa Makorora: "Kwenye mfumo wenu, akaunti yangu iko hai au imekata?"

Kimya. Kisha: "Imekata."

Hapo ndipo penyewe. Ingekuwa hai, shida ingekuwa king'amuzi kukosa amri ya kufungua chaneli, na wangeirusha upya. Lakini ikiwa imekata, hela imekwama njiani kati ya mtandao wa simu na wao, na utazima na kuwasha mpaka swichi iote sugu. Nikawasomea namba ya muamala, nikadai namba ya malalamiko, nikaiandika kwenye kalenda ya ukutani.

Kesho yake, kimya vilevile. Nikaomba kuongea na msimamizi. Nikamsomea ile namba, nikamweleza kwa adabu zote za Kitanga kwamba tukishindwana, ushahidi wa kupeleka TCRA ninao. (TCRA watakuuliza kwanza kama umeshalalamika kwa mtoa huduma mwenyewe, ndiyo maana ile namba ni mali.) Jioni akapiga: hela imeonekana, akaunti iko hai. "Acha king'amuzi kimewaka, narusha amri sasa." Amri hiyo inashuka kwa setilaiti, na king'amuzi kilichozimwa hakiipokei.

Nikatoka uani kufuata mtandao.

"Tayari?"

"Tayari, kaka."

Narudi ndani, king'amuzi hakina hata taa. Mama kachomoa waya. "Kitu hakionyeshi, mwanangu, kinakula LUKU bure."

Nikampigia tena, tukarushiwa upya, safari hii mimi nimekaa kwenye mkeka, mgongo nimeuegemeza kwenye soketi. Picha hiyo! Nikashukuru, nikataka kukata simu. Mama akaipokonya.

"Na siku mlizotunyima mnazirudisha lini?"

"Tutaangalia, mama."

"Angalia sasa hivi, mie nipo."

Na kweli alikuwepo, mpaka tarehe ya kuisha kifurushi iliposogezwa mbele, salio langu likiteketea mkononi mwake.